Wageni 69 hawajajibu na wapishi wanataka idadi

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mdogo wangu wa kiume anaoa Jumamosi, siku 18 kutoka leo Jumanne, na mimi ndiye niliyekabidhiwa wageni na chakula. Tulitoa kadi 96 zenye jumla ya watu 210. Chini ya kila kadi tuliandika "Tafadhali thibitisha kabla ya Jumapili", tukaweka tarehe na namba yangu ya simu. Jumapili yenyewe imepita juzi. Waliosema watakuja ni 118, waliosema hawataweza ni 23, na watu 69 walio katika kadi 31 hawajasema lolote.

Wapishi wanataka idadi kamili siku 10 kabla ya shughuli, yaani Jumatano ya wiki ijayo. Baada ya hapo watakubali kuongeza watu wasiozidi 10 mpaka zibaki siku 3, lakini kupunguza hawapunguzi. Tutalipia idadi tuliyotoa hata viti vikibaki vitupu. Chakula ni bufee.

Nyumbani hatuelewani. Mama anasema mtu akishapewa kadi ni mgeni, na kumuuliza mara ya pili kama atakuja ni sawa na kumwambia asije. Anataka wote 69 wahesabiwe. Mdogo wangu anasema tarehe ni tarehe, asiyethibitisha hana sahani, na anataka niliandike hilo kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mimi naogopa chakula kuisha wazee hawajala, na naogopa pia kulipia sahani ambazo hakuna wa kuzila. Isitoshe, baadhi ya waliojibu wameandika tu "Mungu akijalia tutafika", nami nimewaweka kwenye ndiyo bila kuwa na uhakika. Nikishika simu niwapigie waliobaki, naona aibu. Nifanyeje bila kumvunjia mama heshima na bila kugombana na mdogo wangu?

Dada Mkubwa

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nianze na kitu kimoja ulichokiandika haraka ukapita, nacho ndicho kinachonipa matumaini zaidi. Umesema watu 69 wako katika kadi 31. Ukitazama 69, unaona umati. Ukitazama 31, unaona simu 31, na una siku nane mpaka Jumatano ya wapishi. Mama na mdogo wako wanabishania namna ya kukisia, kana kwamba kukisia ndiyo njia pekee iliyobaki. Kabla hujaamua umfuate nani, punguzeni kwanza hicho cha kukisia. Huenda ukiwapigia hao 31 ukakuta mabishano yamebaki juu ya watu kumi tu, na watu kumi wanazungumzika.

Naomba pia tulitazame neno "hawajajibu". Una hakika hawajajibu, au hawajakujibu wewe? Kadi ilikuwa na namba yako, lakini shangazi akipata kadi ya harusi ya mtoto wa ndugu yake humpigia ndugu yake. Rafiki wa bwana harusi humwambia bwana harusi wakikutana kazini. Kwa hiyo kabla ya simu hata moja, kaa na mama jioni moja, umsomee zile kadi 31 kwa majina, na kwa kila jina umuulize, "Huyu mmeongea?" Fanya hivyo hivyo na mdogo wako. Sitashangaa kadi kadhaa zikijibiwa hapo hapo mezani. Majibu hayo andika kwenye daftari lako, lisiwepo jingine. Hesabu nyingi za wageni huharibika kwa sababu majibu yamekaa kwenye simu tatu na vichwa vitatu, na hakuna aliyeyakusanya.

Wanaobaki baada ya hapo hawakunyamaza kwa sababu moja. Wako ambao kadi haikuwafikia, kwa kuwa ilipitia mkono wa mtu akaisahau. Wako jamaa wa karibu kabisa, ambao hawakuona kama swali linawahusu. Mjomba wa damu anaposoma "thibitisha" anadhani ni kwa ajili ya watu wa mbali, yeye kuja kwake ni jambo linalojulikana. Wengine wanasubiri ruhusa ya kazi au nauli, na hawataki kuahidi kisha wakakosa. Halafu wako walioamua zamani kwamba hawataweza, ila wanaona haya kulisema. Kwa sababu hiyo kimya cha mjomba na kimya cha mtu uliyesoma naye miaka mingi iliyopita havibebi maana moja. Cha mjomba mara nyingi ni ndiyo. Cha yule wa mbali mara nyingi ni hapana iliyokosa mlango wa kutokea. Mama akiwahesabu wote ndiyo, na mdogo wako akiwahesabu wote hapana, kila mmoja anakuwa sahihi kwa nusu ya watu.

Sasa tuje kwenye aibu yako, maana naona ndiyo iliyokukalia. Mama hajakosea kuhofu kwamba swali linaweza kumuumiza mgeni. Ila nadhani kinachoumiza ni swali linaloutia mwaliko wenyewe shaka. "Naomba uthibitishe kama utakuja au la" linasikika kama mtu anayetaka kukufuta. Swali likianza kwa kumwambia mgeni kwamba nafasi yake ipo, halafu likaomba idadi, linasikika tofauti kabisa. Unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo mama. Kwenye harusi ya mdogo wangu tumewawekea nafasi 4. Jumatano ijayo napeleka idadi kwa wapishi, kwa hiyo nilitaka kujua mtakuwa wangapi kati ya hao 4 ili meza yenu iwe kamili. Kama safari haitawezekana nitaelewa kabisa, niambie tu ifikapo Jumatatu jioni."

Angalia kilichomo humo. Idadi ya nafasi imetajwa, kwa hiyo mtu aliyeandikiwa nafasi 4 hatajibu "tutakuwa 7" kirahisi, na akitaka kuongeza itabidi aombe. Sababu imetajwa, nayo ni ya kweli: wapishi wanahitaji idadi. Mlango wa kusema hapana umefunguliwa, na huo ndio unaowatoa kwenye kimya wale wenye haya. Na siku ya mwisho ina jina. Hujaigusa Jumapili iliyopita wala hujamlaumu mtu kuipitisha, kwa kuwa lawama humfanya mtu ajitetee badala ya kujibu.

Tarehe hii ya pili iwe ya kweli. Watu hushauriana kudanganya, waseme wapishi wanataka idadi kesho ili wageni waharakishe. Sikushauri hivyo. Mgeni mmoja akipiga baada ya hiyo "kesho" na ukampokea vizuri, habari inazunguka kwamba tarehe zenu hazina uzito, na Jumatatu yako ya kweli itapuuzwa vilevile. Nakupendekezea Jumatatu jioni kwa kuwa inakuachia Jumanne nzima ya kupanga na familia kabla ya Jumatano, na kwa kuwa mwisho wa wiki ndipo watu wa nyumba moja hukaa pamoja wakaulizana nani anakwenda.

Ujumbe wa maandishi uende kwa mtu mmoja mmoja, usiwekwe kwenye kundi. Kwenye kundi swali ni la wote, kwa hiyo si la mtu yeyote. Mmoja akijibu "tupo pamoja", ishirini wanaweka alama ya dole na wewe hujui dole gumba lile lina watu wangapi nyuma yake. Zaidi ya hayo, ujumbe anaoutaka mdogo wako ukiwekwa pale utasomwa na wale 118 waliojibu kwa wakati. Wao hawakukosa lolote, na wazee waliomo wataupokea kama karipio.

Simu 31 ni nyingi kwa mtu mmoja, hasa mwenye haya, na ni chache kwa watu watatu. Tuseme mama achukue kadi 12 za wazee na jamaa wa karibu, mdogo wako achukue 10 za marafiki na watu wa kazini kwake, nawe ubaki na 9. Najua utasema mama hatakubali kuwauliza watu. Basi usimwombe aulize kama watakuja. Mwombe awasalimie na kuulizia safari: wataondoka siku gani, watafuatana na nani, watalala wapi. Mtu anayekuja atakuambia anakuja na wanawe wawili na watafika Ijumaa mchana. Asiyekuja ataanza kueleza kwa nini safari ni ngumu. Jibu linapatikana bila swali la kuthibitisha kutamkwa, na mama amebaki mwenyeji kama anavyotaka kuwa. Jambo moja tu msisitizie: simu isikatwe kabla idadi haijatajwa. "Wote tunakuja" haitoshi, maana kwa huyu wote ni wawili na kwa yule ni sita.

Mkianza kesho Jumatano na keshokutwa jioni mtawapata wengi. Wasiopokea warudieni Jumamosi mchana, saa ambayo mtu hayuko kazini wala hajalala. Baada ya majaribio matatu bila kupatikana, acheni. Andika jina kwenye ukurasa wa "mashaka", usilitie kwenye ndiyo wala hapana.

Wakati simu hizo zinaendelea, irudie ile 118. Hapa ndipo hesabu hukosewa kimyakimya, kwa sababu kila mtu anawatazama wasiojibu. Pitia jina kwa jina ukitafuta makosa ya aina tatu. Kuna walioandikwa mara mbili, mathalani mke amejibu kwa kadi ya familia na mume amejibu kwa kadi aliyopewa na bwana harusi. Kuna kadi uliyoiandikia watu wote kwa sababu mtu alisema "tutakuja", kumbe anakuja na mwenzake tu na watoto wanabaki. Na kuna hao wa "Mungu akijalia".

Hao wa mwisho usiwahukumu kwa maneno yao. Wapo wanaosema hivyo huku nguo zimeshashonwa, kwa sababu hawapendi kuahidi jambo la kesho bila kumtaja Mungu. Wapo wanaosema hivyo kwa kuwa ndiyo njia ya upole ya kutosema hapana. Maneno ni yale yale, kwa hiyo usihangaike kuyachambua. Waulize kitu kinachohitaji namba: "Amina. Basi niwaandikie viti viwili meza moja na akina shangazi?" Anayekuja atakusahihisha au atakubali mara moja. Anayesita, atasita hapo kwenye kiti, nawe utajua pa kumweka.

Tuone sasa namba zinavyoweza kukaa Jumanne jioni. Hizi za baada ya simu ni mfano, zenu zitatofautiana. Tuseme baada ya kusafisha, 118 imekuwa 114. Kati ya wale 69, watu 37 wamesema wanakuja, 20 hawawezi, na 12 wamebaki kwenye mashaka. Wageni wa uhakika ni 114 na 37, yaani 151. Ongeza watu wanaofanya kazi siku hiyo na ambao nao watakula: mpiga picha na msaidizi wake, wapiga muziki, madereva, mshereheshaji. Hawakupewa kadi, ndiyo maana husahaulika mpaka saa ya chakula. Tuseme ni 9. Jumla inakuwa 160, na wako 12 wa mashaka.

Na hapa sharti la wapishi wako linakusaidia kuliko unavyodhani. Namba inaweza kupanda hadi watu 10, haiwezi kushuka. Maana yake ni kwamba kosa la kutaja wachache kidogo linarekebishika mpaka zibaki siku 3, na kosa la kutaja wengi halirekebishiki tena. Kwa mfano wetu, mnaweza kupeleka 160 Jumatano na kuzishika zile nafasi 10 mkononi kwa ajili ya wale 12, mkaendelea kuwatafuta kwa wiki moja zaidi. Hatari yake ni kwamba wote 12 wakitokea mlangoni bila kusema, na hamkuongeza hata mmoja, mna upungufu wa sahani 12. Kinachopunguza ukali wake ni kwamba katika 151 kwa kawaida wapo watakaougua au kukwama dakika za mwisho. Ila usiwategemee hao kwa namba, kwa sababu huwajui ni wangapi.

Mkimfuata mama kikamilifu, mnachukua 114, mnaongeza 69 wote na watu 9 wa kazi, mnapata 192. Hakuna atakayekosa chakula. Ila kwa mfano wetu wale 20 wamekwisha kusema hawaji, kwa hiyo hata mashaka yote 12 yakija mtakuwa mmelipia sahani 20 tupu, na yasipokuja ni 32. Hilo si kosa ikiwa familia inaweza kulibeba na imelichagua kwa kujua. Wapo wanaopenda kulipia utulivu wa aina hiyo. Namhurumia yule anayelilipia bila kujua kwamba alikuwa anachagua.

Mkimfuata mdogo wako kikamilifu, mnapeleka 123. Wale 37 ambao kwenye simu wangesema ndiyo hawakuulizwa, na wengi wao watakuja, kwa sababu wanajiona wamealikwa. Wakija wote mtakuwa na walaji 160 kwa chakula cha 123. Mdogo wako ana haki ya kuchoka na watu wasiojibu, na tarehe isiyo na matokeo kweli haiheshimiwi. Lakini mwulize swali moja la utendaji: nani atasimama mlangoni na orodha, na atamwambia nini mama mdogo aliyesafiri usiku kucha na jina lake halipo? Kama kuna mtu aliyekubali kazi hiyo na anajua la kusema, kanuni yake inatekelezeka. Kama hakuna, mkiitangaza mtakuwa mmewaudhi watu kwa maneno, na bado mtawalisha.

Kuna maswali ya kumuuliza mkuu wa wapishi kabla ya Jumatano, na majibu yake muombe ayaandike. Je, yeye mwenyewe hupika ziada juu ya idadi anayopewa, na kwa kiasi gani? Wapishi wengi huongeza kidogo. Wewe ukiongeza na yeye akiongeza, mnalipia akiba mara mbili. Kila mmoja akidhani mwenzake ameongeza, hakuna akiba kabisa. Je, watoto wadogo anawahesabu nusu, na kuanzia umri gani anamhesabu mtoto kama mtu mzima? Na watu wa kazi, wanahesabiwa ndani ya idadi au pembeni?

Swali la mwisho ni la bufee yenyewe, maana ndiyo inayogusa hofu yako kubwa. Chakula kuisha kabla wazee hawajala huweza kutokea hata idadi ikiwa sahihi. Kwenye bufee wa mwanzo kwenye foleni hujipakulia bila kujua nyuma yao wamebaki wangapi. Vyakula vya wanga hupikwa kwa wingi na huweza kutosha kwa kupunguza kijiko, lakini kitoweo kimehesabiwa kwa vipande. Mpishi akipiga hesabu ya vipande viwili kwa mtu, wageni 40 wa mwanzo wakichukua vitatu vitatu, vipande 40 vya ziada vimekwenda, na hivyo ni vya watu 20. Dalili utaiona mapema: sinia la kitoweo linaisha huku masinia mengine yamejaa. Dawa yake haimo kwenye daftari la wageni. Mwombe mkuu wa wapishi aweke mtu wake asimame na kijiko kwenye kitoweo na kuwapakulia wageni, na mshereheshaji aite meza moja moja akianza na za wazee. Mkifanya hivyo, upungufu wa watu wawili watatu hauonekani. Msipofanya hivyo, hata 192 inaweza isiwatoshe walioketi mwisho.

Kuhusu viti, kama meza zenu ni za watu 10, wageni 151 wanataka meza 16, na zitabaki nafasi 9. Ombeni meza ya 17 iandaliwe pembeni bila majina. Kuweka meza ni rahisi kuliko kupika, na mgeni asiyetarajiwa akiwa na mahali pa kukaa, suala la sahani yake linashughulikiwa bila watu kutazama.

Hayo ndiyo ninayoyaona kutoka huku, lakini kiasi cha hatari mnachoweza kukibeba mnakijua ninyi. Kwa hiyo Jumanne jioni usiwaitie mama na mdogo wako kubishania nani ana heshima na nani ana msimamo. Wawekee mezani ukurasa wa majina ya mashaka, msome moja moja, na kwa kila jina mama aseme anavyomjua mtu huyo na mdogo wako aseme anavyomjua. Mwishoni waulize wote wawili swali moja: tuko tayari kulipia sahani ngapi zisizoliwa ili tulale usingizi? Wakikubaliana tano, ongeza tano. Wakisema kumi na mbili, ongeza kumi na mbili. Mama ataona wageni wake hawajafutwa, na mdogo wako ataona kuna mpaka. Kama hawatakubaliana hata hapo, angalau watakuwa wanatofautiana juu ya sahani chache, na wewe huhitaji kuchagua upande ndani ya nyumba yenu.

Baada ya Jumatano usifunge daftari. Watakuwepo watakaopiga kusema hawawezi tena, na watakaopiga kusema kumbe wanaweza. Usiwapigie wapishi kwa kila mmoja wao. Anayejitoa, kata jina lake na uandike pembeni idadi ya nafasi alizoacha. Anayeingia, mpe hizo kwanza. Siku ya nne kabla ya harusi, jumlisha walioingia, toa waliojitoa, na kama jibu ni zaidi ya sifuri ndipo umpigie mkuu wa wapishi mara moja tu, ukiwa ndani ya zile kumi zake, umtajie namba na muda wa simu hiyo, kisha umtumie meseji yenye namba ile ile.